Shajara ya mradi: chakula cha Jivu kinachopikwa nyumbani na hesabu ya kalsiamu

Kabla ya kuanza

Jivu ni mbwa jike wa miaka minne, amefungwa kizazi, na hana ugonjwa wowote unaojulikana. Asubuhi ya leo nilisimama juu ya mizani nikiwa nimembeba, kisha nikajipima peke yangu na kutoa, nikapata kilo 16. Mbavu zake zinashikika kwa urahisi chini ya ngozi bila kuonekana kwa macho, na ukimtazama kutoka juu kiuno chake kinabonyea kidogo, kwa hiyo ninachukulia kwamba uzito huu ndio unaomfaa.

Mpango ni kumwondoa kwenye chakula kikavu cha mfuko na kumpikia kwa vitu vinavyopatikana karibu nami, yaani kuku, maini, mayai, wali na viazi vitamu. Nimepewa mapishi mengi na watu wanaofuga mbwa, na karibu yote yanafanana: nyama nyingi, wanga kiasi, mboga kidogo. Hakuna hata moja linalotaja kalsiamu. Jambo hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika shajara hii badala ya kupika tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchambuzi wa mapishi 200 ya chakula cha mbwa kinachopikwa nyumbani, na asilimia 95 ya mapishi hayo yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Baadhi yake yalikuwa yameandikwa na madaktari wa mifugo.

Ninaandika hapa kuhusu mbwa mzima pekee. Mtoto wa mbwa, hasa wa jamii kubwa, hana uwezo kamili wa kukataa kalsiamu inayozidi, na mifupa yake inayokua huharibika kwa upungufu na kwa wingi pia. Hesabu zifuatazo zisitumiwe kwake.

Wiki ya 1

Nimeanza na nishati, kwa sababu kiasi cha chakula ndicho kinachoamua kiasi cha kila kitu kingine. Mahitaji ya mbwa hayapandi sawasawa na uzito wake: mbwa wa kilo 32 hahitaji mara mbili ya chakula cha mbwa wa kilo 16. Wataalamu wa lishe hutumia uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.75, nao mbwa wa nyumbani asiye na shughuli nyingi hukadiriwa kilokalori 95 kwa kila kizio cha uzito huo:

```
95 × 16^0.75 = 95 × 8 = 760 kilokalori kwa siku
```

Asiye na kikokotoo cha vipeo anaweza kuzidisha 16 × 16 × 16, apate 4,096, kisha atafute kipeuo cha pili mara mbili: cha kwanza ni 64, cha pili ni 8. Kilo 16 ni uzito wa bahati kwa mtu mvivu wa hesabu kama mimi.

Kwa kutumia majedwali ya vyakula nimepanga mlo wa siku moja. Vipimo vyote ni vya chakula kilichokwisha kupikwa: mnofu wa mapaja ya kuku usio na ngozi wala mfupa gramu 150, maini ya ng'ombe gramu 20, yai moja, wali gramu 200, kiazi kitamu gramu 80, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Jumla ni kilokalori 760 hivi. Chumvi siweki, na kitunguu na kitunguu saumu haviingii hata kwenye maji ya kuchemshia kuku, kwa kuwa vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Ninasisitiza neno «kilichopikwa» kwa sababu jaribio langu la kwanza la hesabu lilikuwa na kosa hapo. Nilipima kuku aliyechemshwa lakini nikasoma mstari wa kuku mbichi kwenye jedwali. Nyama hupoteza maji inapoiva, hivyo gramu 100 za mnofu mbichi zina protini kama gramu 20, ilhali gramu 100 za mnofu ulioiva zina kama gramu 26. Kwa wali kosa huelekea upande wa pili na ni kubwa zaidi, maana mchele hunywa maji hadi uzito wake kuongezeka karibu mara tatu. Anayepima wali na kusoma mstari wa mchele mkavu atadhani amempa mbwa nishati ambayo hakumpa.

Chakula kipya kinaingia polepole. Siku tatu za kwanza robo ya mlo ni kipya, siku tatu zinazofuata nusu, kisha robo tatu, na siku ya kumi bakuli lote. Mpaka sasa kinyesi hakijalegea.

Wiki ya 2

Nimekaa jioni nzima na jedwali, safari hii nikiangalia protini, kalsiamu na fosforasi.

Protini ilinishangaza kwa wingi wake. Mlo ule una gramu 57 kwa siku. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, linapendekeza kwa mbwa mzima kiasi ambacho kwa Jivu ni gramu 26 hivi, na kiwango cha chini kinachotakiwa kwa chakula cha mbwa cha viwandani, gramu 45 kwa kila kilokalori 1,000, kingekuwa gramu 34 kwake. Hata nikichukua kiwango kikubwa zaidi nina akiba ya kutosha. Protini, ambayo kila mtu huiulizia kwanza, katika mlo wenye nyama na yai hujitosheleza yenyewe bila mtu kuhangaika.

Kalsiamu ni habari nyingine. Mwongozo uleule unamtaka Jivu apate miligramu 1,040 kwa siku. Nilipojumlisha nilipata miligramu 88: kuku 20, yai 25, wali 20, kiazi 22, na maini moja tu. Ni chini ya sehemu moja ya kumi. Fosforasi, kwa upande wake, ilifika miligramu 560, kwa kuwa nyama na maini yana fosforasi nyingi na karibu hayana kalsiamu. Uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi unaotakiwa ni kati ya 1 kwa 1 na 2 kwa 1. Wangu ulikuwa moja kwa zaidi ya sita.

Hapo nilielewa kwa nini shauri la «mwongezee nyama apate nguvu ya mifupa» linampeleka mbwa kinyume na linakokusudia. Kila gramu 100 za mnofu zinazoongezwa huleta fosforasi miligramu 170 hivi na kalsiamu miligramu 14 tu, kwa hiyo kadiri bakuli linavyojaa nyama ndivyo uwiano unavyozidi kuharibika. Mbwa mwitu hakabiliwi na tatizo hili kwa sababu yeye hali mnofu peke yake, anatafuna na mifupa. Mimi nimeitoa mifupa kwa makusudi, kwani mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo, na kwa kuutoa nimetoa pia karibu kalsiamu yote.

Suluhisho nililolijua ni ganda la yai, ambalo kwa sehemu kubwa kabisa ni kalsiamu kaboneti. Kila gramu ya ganda kavu ina kalsiamu miligramu 380 hivi, na yai moja hutoa ganda la gramu 5 au zaidi kidogo. Niliambiwa kanuni rahisi: yai moja, ganda moja, kila siku. Nilisaga kwa kinu na kuanza.

Wiki ya 3

Kanuni rahisi imeniadhibu, au kwa usahihi zaidi imemwadhibu Jivu. Kuanzia siku ya nne ya maganda kinyesi chake kilikuwa kigumu, kikavu, cha rangi iliyofifia kuelekea weupe, na kilimeguka kama chaki. Jana alichuchumaa mara tatu kabla ya kupata kitu. Nilipokibonyeza kinyesi kwa kijiti niliona vipande vya ganda vikimetameta, vingine vikubwa kama punje ya sukari.

Kulikuwa na makosa mawili pamoja. La kwanza ni kipimo. Ganda la gramu 5 lina kalsiamu miligramu 1,900, na ukijumlisha 88 za kwenye chakula unapata karibu 2,000, yaani mara mbili ya hitaji, na uwiano wa zaidi ya 3.5 kwa 1. Kalsiamu ya ziada haipotei bure, kwani mbali na kufunga choo, huzuia zinki isifyonzwe vizuri, na mbwa aliyepungukiwa na zinki huanza kuonyesha magamba na ngozi ngumu kuzunguka mdomo na macho. Kosa la pili ni usagaji. Kipande kikubwa cha ganda hupita tumboni bila kuyeyuka chote, kwa hiyo sikujua hata ni kiasi gani kati ya zile miligramu 1,900 kilichomwingia mwilini. Nilikuwa nimempa nyingi kupita kiasi, na sikuweza kusema ni nyingi kiasi gani.

Nimesimamisha maganda kwa siku tatu. Kinyesi kimerudi kawaida siku ya pili.

Wiki ya 3, baadaye

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo nikiwa na karatasi yangu ya hesabu. Nilitaka apime kalsiamu kwenye damu, nione kama wiki hizi zimemdhuru. Alisoma karatasi yote kabla ya kunijibu.

«Damu nitaipima ukitaka,» alisema, «lakini kwa swali lako haitakujibu. Hata ungempa mnofu mtupu kwa miezi sita, huenda ningepata kalsiamu ya kawaida.»

«Itakuwaje ya kawaida, Daktari, na chakula hakina?»

«Kwa sababu mwili unaikopa kwenye mifupa.»

Alinieleza kwamba kalsiamu ya damu ikitaka kushuka hata kidogo, tezi ndogo za shingoni ziitwazo paratairoidi hutoa homoni inayoamuru mifupa iachie madini yake, na vilevile inayoziamuru figo zishikilie kalsiamu na kutupa fosforasi. Kipimo cha damu hubaki kizuri kwa sababu mfumo huo unafanya kazi yake, huku mifupa ikizidi kuwa myembamba. Dalili huchelewa: kuchechemea kusikojulikana chanzo, kutotaka kurukaruka, meno kulegea kwa kuwa mifupa ya taya huathirika mapema, na mwishowe mfupa kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini. Kwa mbwa mzima huchukua miezi mingi. Kwa mtoto wa mbwa huchukua wiki chache. Ndiyo maana anayesema «wangu amekula wali na nyama mwaka mzima na yuko salama» anaweza kuwa anaeleza kwa ukweli kile anachokiona, bila kujua kinachoendelea ndani.

Kwa hiyo ninachoweza kukikagua ni kile kinachoingia bakulini. Daktari alikagua ngozi, meno na mwendo, akaona hakuna kasoro, kisha akaweka kidole kwenye mstari ambao sikuwa nimeuangalia vizuri.

«Na fosforasi je? Umeitumia kutafuta uwiano, lakini yenyewe inatosha?»

Haikutosha. Mwongozo unataka miligramu 800 kwa mbwa wa uzito wa Jivu, nami nilikuwa na 560. Nilikuwa nimeiona fosforasi kama adui tu, kwa sababu ilikuwa nyingi kuliko kalsiamu, nikasahau kwamba kitu kinaweza kuzidi kingine na bado kikawa pungufu. Ganda la yai lina kalsiamu bila fosforasi ya maana, hivyo lingerekebisha uwiano na kuliacha pengo la miligramu 240 palepale.

Aliniandikia pia mchanganyiko wa vitamini na madini madogomadogo wa kuongeza kwenye chakula cha nyumbani, kwa sababu mlo huu hauna zinki, iodini, vitamini D wala vitamini E ya kutosha. Alinionya nisome lebo: baadhi ya michanganyiko hiyo tayari ina kalsiamu, na anayeuongeza juu ya maganda bila kujua humpa mbwa mara mbili. Huu alioniandikia hauna.

Wiki ya 4

Kitu kinacholeta kalsiamu na fosforasi kwa pamoja ni mfupa. Nimepata unga wa mifupa uliotakaswa kwa mvuke na unaouzwa kwa ajili ya kulisha wanyama, wenye lebo inayosema kalsiamu asilimia 24 na fosforasi asilimia 12. Unga wa mifupa wa kurutubisha bustani haufai hata ukiwa na jina hilohilo, kwa sababu haukutengenezwa ili uliwe na unaweza kuwa umechanganywa na vitu vingine.

Niliwaza kutumia dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, ambao wana madini yote mawili na protini juu yake. Niliwaacha kwa sababu mbili. Kiasi cha madini yao hutofautiana sana kwa aina na ukubwa wa samaki, na wengi hukaushwa kwa chumvi. Kama kitoweo cha mara mojamoja, waliolowekwa na kuoshwa, sawa. Kama nguzo ya hesabu, hapana.

Nimeanza na fosforasi, kwa kuwa ndiyo yenye chanzo kimoja:

```
Fosforasi:  800 - 560 = 240 mg
Unga wa mifupa:  240 / 0.12 = 2,000 mg = 2 g
Kalsiamu ya unga huo:  2,000 × 0.24 = 480 mg
Kalsiamu inayobaki:  1,040 - 88 - 480 = 472 mg
Ganda la yai:  472 / 0.38 = 1,242 mg, yaani 1.25 g
```

Kwa siku moja, basi, ni gramu 2 za unga wa mifupa na gramu 1.25 za ganda. Kalsiamu inafika 1,040, fosforasi 800, na uwiano ni 1.3 kwa 1. Ganda la yai moja, nililokuwa nikimlisha kwa siku, linamtosha siku nne.

Ingewezekana kutumia unga wa mifupa peke yake, gramu 4 kwa siku, na watu wengi hufanya hivyo bila shida. Nimependa mchanganyiko kwa sababu maganda ninayo tayari kutokana na mayai anayokula, nami sitaki unga wenye mifupa ya wanyama nisiowajua uwe ndio chanzo kikuu. Hiyo ni hiari yangu, wala hesabu hailazimishi.

Wiki ya 5

Kupima gramu 1.25 kila siku ni jambo ambalo mizani yangu ya jikoni haiwezi, kwani inasoma gramu nzimanzima. Kijiko hakiaminiki pia. Nilijaza kijiko cha chai mara kumi na kukisawazisha kwa kisu, nikipima jumla ya kila mara mbili. Unga laini ulikuwa mzito zaidi kwa kijiko kilekile kuliko ule uliokwaruza, na nikiugongagonga kwanza tofauti iliongezeka tena. Anayesema «robo kijiko» bila kusema unga ulisagwa vipi hajasema kitu.

Njia niliyoipata ni kuacha kupima kwa siku na kupima kwa wiki. Ninapika mlo wa siku saba mara moja, na kwa siku saba ganda ni gramu 8.75 na unga wa mifupa gramu 14. Mizani inaweza kusoma 9 na 14, na kosa la robo gramu kwa wiki nzima halina uzito wowote.

Maganda ninayaandaa hivi. Ninayasuuza, ninayachemsha dakika kumi ili kuua vijidudu, ninayatandaza kwenye sinia na kuyakausha ndani ya oveni yenye moto mdogo hadi yavunjike kwa sauti kavu yakibanwa na vidole. Utando wa ndani hauna haja ya kubanduliwa. Kinu cha kutwangia hakikutosha, nimehamia kwenye mashine ya kusagia kahawa, na unga unapita kwenye chekecheke ya kitambaa. Kinachobaki juu kinarudi kwenye mashine. Kipimo changu cha mwisho ni kusugua unga kati ya vidole viwili: ukihisi mchanga, haujawa tayari, na ukihisi unga wa ngano, basi.

Tatizo lililofuata sikulitarajia. Nilimimina unga juu ya sufuria kubwa, nikakoroga, nikagawa kwenye makopo saba, na nilipofika kopo la mwisho nikakuta chini ya sufuria kuna tope jeupe. Unga ulikuwa umezama kwenye mchuzi, ikimaanisha kwamba makopo ya mwanzo yalipata kidogo na la mwisho lilipata sehemu kubwa. Sasa ninauchanganya kwanza na viazi vitamu vilivyopondwa vikiwa bado vuguvugu, kwa sababu vinanata, kisha uji huo mzito ndio ninaoukoroga na wali na kuku bila kuongeza mchuzi. Tope halijaonekana tena.

Makopo matatu yanakaa kwenye jokofu na manne kwenye friza. Wali ninautandaza upoe upesi, siuachi ndani ya sufuria usiku kucha, kwani wali uliopoa polepole huotesha bakteria wenye sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto upya.

Wiki ya 7

Nilijaribu kupunguza kuku kwa gramu 50 na kuweka maharage yaliyochemshwa vizuri, nikijua kwamba nina akiba ya protini. Kwenye karatasi jaribio lilikubalika, kwani protini ilibaki juu ya gramu 45. Lakini fosforasi ya maharage imefungwa kwa sehemu kubwa ndani ya fiteti, ambayo mbwa haimeng'enyi vizuri na ambayo hushika pia kalsiamu na zinki njiani, hivyo miligramu za kwenye jedwali hazikuwa tena miligramu za kwenye mwili. Isitoshe, Jivu alijamba usiku mzima kiasi cha kutuhamisha chumba. Nimerudisha kuku baada ya siku nne.

Wiki ya 8

Uzito ni kilo 15.6, kutoka 16.0 ya mwanzo. Nilidhani mizani imekosea, nikarudia mara tatu. Mbavu za nyuma zinaonekana anapogeuka. Kipimo cha 95 ni kadirio la wastani, na Jivu, ambaye hushinda akikimbizana na uzio, anatumia zaidi ya wastani.

Swali lilikuwa niongeze nini. Kuongeza sehemu moja ya kumi ya kila kitu, pamoja na unga wa madini, ni njia salama, lakini mahitaji yake ya madini nimeyahesabu kwa uzito wa mwili wake, na mwili wenyewe haujakua. Nishati pekee ndiyo iliyopungua. Nimeongeza wali gramu 60, unaoleta kilokalori 78, fosforasi miligramu 26 na kalsiamu 6. Uwiano unabaki palepale kwa vitendo. Ningeongeza kuku kwa nishati hiyohiyo, ningeleta fosforasi miligramu 70 na kuvuta uwiano chini kidogo. Hapa wanga, ambao wengi huwaza kuwa ni kujaza tumbo tu, ni chombo cha kupandisha nishati bila kuyagusa madini.

Maini sijayaongeza na sitayaongeza. Ni matamu kwake na angekula bakuli zima, lakini yana vitamini A na shaba nyingi mno, na vitamini A ikizidi kwa muda mrefu huharibu mifupa ileile ninayoishughulikia. Gramu 20 kwa siku zinatosha.

Wiki ya 12

Uzito ni kilo 16.1. Kinyesi ni kigumu kiasi, cha kahawia, hakina vipande vyeupe. Manyoya ya mgongoni yanang'aa, ingawa sitaki kudai kwamba ni kwa sababu ya chakula hiki, kwa kuwa ametoka pia kwenye msimu wa kupukutika. Daktari amemwona tena, amebonyeza taya na kutikisa meno ya mbele, yote imara. Miadi mingine ni baada ya miezi sita.

Unga wa mifupa wa kwanza umekwisha. Pakiti mpya imetoka kwa mtengenezaji mwingine, na nilikuwa karibu kupima gramu 14 kama kawaida kabla sijageuza mfuko na kusoma: kalsiamu asilimia 28, fosforasi asilimia 13. Gramu 2 za unga huu zinaleta kalsiamu 560 badala ya 480, na fosforasi 260. Inayobaki kwa ganda ni miligramu 392, yaani gramu 1 kwa siku. Nimefuta 9 kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, nimeandika 7, na chini yake nimeandika tarehe na namba mbili za lebo.